Tableti ya Fire ipi inafaa kwa anayepiga picha za skrini kila siku?

Ukinunua Fire ya Amazon, hutakuta Google Photos wala Play Store ndani yake. Picha za skrini lakini unapiga vizuri tu: bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti, shikilia kama sekunde moja, skrini itamulika mara moja. Ukitanguliza kimoja, utaletewa menyu ya kuzima au kipimo cha sauti badala ya picha.

Kinachowatatiza wengi ni kuipata baadaye. Fungua programu ya Files (kwenye tableti za zamani iliitwa Docs), ingia hifadhi ya ndani, halafu Pictures, kisha Screenshots. Utaiona pia kwenye Amazon Photos iliyokuja na tableti. Ukiikuta nyeusi tupu, huenda ulipiga picha ya video ya kulipia iliyofungwa na wenye haki zake. Hakuna tableti ya kununua itakayokutatulia hilo.

Sasa ununue ipi? Picha ya skrini huwa na nukta zilezile za skrini yenyewe, na hapo ndipo tableti hizi zinapoachana.

Ya kwanza kwangu ni Fire HD 10 ya 2023, yenye nukta 1920 kwa 1200. Chukua mfano wa mwanafunzi anayepiga ukurasa wa notsi ulioenea upana wote wa skrini, tableti ikiwa wima, kisha anauchapisha kwenye karatasi ya A4 yenye upana wa sentimita 21. Nukta 1200 zinampa takriban 57 kwa kila sentimita, na maandishi madogo yanasomeka. Fire 7 ina nukta 600 kwa upana huo, yaani takriban 29 kwa sentimita, na herufi ndogo zinaanza kuonekana zimechakaa.

Ya pili ni Fire Max 11. Ina nukta 2000 kwa 1200 na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi, lakini upana wake ukiwa wima ni uleule wa HD 10. Ilipie zaidi ikiwa unahitaji kasi au skrini kubwa.

Fire HD 8, nukta 1280 kwa 800, ni ya tatu. Yatosha kwa risiti na mazungumzo ya kutuma kwa simu. Fire 7 iwe ya mwisho, hasa ile ya GB 16, maana mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Ukinunua iliyotumika, tazama tundu la chaji. HD 10 tangu 2019, HD 8 tangu 2020 na Fire 7 tangu 2022 zina USB-C. Kebo ikishachomekwa kwenye kompyuta ya Windows, shusha arifa za tableti, chagua kuhamisha mafaili, ufungue folda ileile ya Screenshots. Kompyuta isipoiona kabisa wakati chaji inaingia, jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu tableti: kebo nyingi za bei rahisi zinapitisha umeme tu.