Uzoefu wangu: barua ya radhi baada ya unga kuchelewa siku mbili

Nina tanuri dogo hapa Majengo, Mombasa. Naoka boflo na mahamri, na unga wa ngano nauchukua kwa msambazaji mmoja ambaye stoo yake iko Changamwe. Jina lake silitaji. Mwaka wa nne huu nanunua kwake, beli 20 kila wiki, na Ramadhani huzidi hapo. Hii ni tathmini ya huduma yake, ila zaidi naitathmini barua aliyoniletea kijana wao wa mauzo baada ya kuniharibia wiki ya pili ya mfungo.

Jumanne saa 5 asubuhi kijana alisimama kwenye kaunta yangu, akaiandika oda kwenye daftari lake: beli 20, kuletwa Jumatano saa 2 asubuhi. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Lori likaja Ijumaa saa 10 jioni, wakati watu wanakimbilia futari na mimi sina nafasi hata ya kufungua mlango wa nyuma.

Ujumbe wake wa kwanza aliutuma Alhamisi kwenye WhatsApp, na ninao bado: "Pole mama, samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Kulikuwa na msongamano feri."

Nikamjibu: mwanangu, lori linalotoka Changamwe kuja Majengo linapita Makupa. Feri ya Likoni linaifuata nini? Akaona aibu, hakujibu mpaka jioni.

Lakini uongo wa feri haukuniudhi kama yale maneno mengine. "Pole" humpa mtu aliyefikwa na jambo ambalo wewe huna mkono ndani yake: amefiwa, anaumwa, mvua imemnyea. Anayeniangushia sinia yangu la mahamri hanipi pole, ananitaka radhi. Kisha "wowote". Usumbufu wowote, kana kwamba huenda upo, huenda haupo, tutazame kwanza. Na "uliojitokeza" ndiyo mbaya kuliko zote, maana usumbufu umekuwa mtu mwenye miguu yake, umejitokeza wenyewe, hakuna aliyeuleta.

Nilimpigia meneja wake, nikamwambia oda ya wiki ijayo asiitie maanani. Jumamosi asubuhi kijana akaja mwenyewe. Akaamkia, "Shikamoo mama," akanipa bahasha na kusimama pale pale mpaka niisome. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, na aya yake ya kwanza ilikwenda hivi:

"Mama, nakutaka radhi. Oda yako ya Jumanne niliiandika kwenye daftari na sikuiingiza kwenye kompyuta mpaka Jumatano saa 11 jioni. Stoo hufunga orodha ya kupakia saa 9 alasiri, kwa hivyo ikaangukia lori la Ijumaa. Kosa ni langu, si la dereva wala la stoo. Niliyokuandikia kuhusu feri hayakuwa kweli."

Hapo nikaketi. Angalia vitenzi vyake: niliiandika, sikuiingiza. Mtendaji yumo katika kila kimoja. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikajua kwamba kuna saa 9 alasiri. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mara ngapi nimeagiza saa 10, nikaahidiwa kesho, unga ukaja keshokutwa, nami nikidhani ni uvivu wa dereva!

Aya ya pili ilikuwa ya pesa. Siku zile mbili nilinunua beli 8 dukani kwa jirani. Bei yangu kwao ni 1,800 kwa beli ya pakiti 12 za kilo 2, jirani akaniuzia 1,980. Tofauti ni 180, mara 8 inakuja 1,440. Ongeza 500 ya tuktuk, jumla shilingi 1,940. Ijumaa niliwapa risiti bila matumaini yoyote, na hesabu hiyo hiyo nikaikuta ndani ya barua, haikupungua shilingi.

Kwenye simu meneja alitaka kunipa punguzo la asilimia 5 kwa oda ijayo. Piga hesabu: asilimia 5 ya 36,000 za beli 20 ni 1,800, karibu sawa na hasara yangu. Mtu angeona afadhali. Mimi nilikataa, kwa sababu punguzo la oda ijayo silipati mpaka ninunue tena, kwa hivyo fidia yangu inageuka chambo. Barua ikaja na kredit noti dhidi ya ankara ile ile iliyochelewa, namba yake imetajwa, imetolewa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, kama inavyotakiwa. Hata kama ningewahama siku ile, deni langu lingekuwa limepungua kwa 1,940. Wenye biashara mkiambiwa "tutakufikiria safari ijayo", ulizeni itaandikwa kwenye ankara gani.

Palikuwa na jambo moja ambalo hakulilipa. Hoteli moja ya Nyali ilikosa boflo zake Alhamisi, nami nikakosa faida ya kama 3,000. Aliandika kwamba hilo hana mamlaka nalo, amelipeleka kwa meneja, na jibu nitalipata Jumatatu. Jibu lilikuja Jumanne, nalo likawa hapana. Sikupenda. Lakini hakuniahidi asichoweza kutoa, na hilo nalipima kando na hapana yenyewe.

Sasa kasoro. Aya ya mwisho ilikuwa ya ofisi, unaijua hata ukifumba macho: wewe ni mteja wetu wa thamani, tunathamini uhusiano wetu. Ningekuwa mimi ningeikata yote. Tena barua ilikuja siku ya tatu. Mistari miwili ya kweli siku ya Jumatano asubuhi ingenipa muda wa kutafuta unga kabla jirani hajajua kwamba nimekwama.

Chini kabisa kulikuwa na "Nakala: Meneja wa Mauzo, Msimamizi wa Stoo". Msitari huo mdogo ndio ulionibakisha. Kukiri mbele yangu, mteja anayetaka kuondoka, si kazi kubwa. Kukiri mbele ya mtu wa stoo ambaye kila siku anasukumiwa lawama za watu wa mauzo, hapo umejifunga.

Hakuandika kwamba haitatokea tena, na nashukuru, maana mwenye malori hawezi kuahidi hivyo. Aliandika mambo mawili tu. Oda ikipokewa baada ya saa 9 ataniambia papo hapo kwamba ni ya keshokutwa. Na kama lori halijatoka Changamwe, atanipigia kabla ya saa 1 asubuhi.

Barua naipa nyota 4. Huduma kwa jumla naipa 3, kwa sababu ya zile 3,000 na kwa sababu sasa beli 5 za kila wiki nazichukua kwa mwingine, nisije nikalala tena na tanuri baridi.

Tangu siku hiyo nimeagiza mara tatu. Mbili zilifika kwa wakati. Ya tatu, simu ililia saa 12 na dakika 50 asubuhi: "Shikamoo mama. Lori limepasuka gurudumu, bado liko stoo. Unga utakufikia saa 6, si saa 2. Una wa kukufikisha?" Nilikuwa nao.