Betri ya Lithiamu ya Volti 24: Kabla Hujalipa, Uliza Inasawazisha Seli kwa Ampea Ngapi

Mwaka jana stima ilipokuwa ikikatika Kisauni karibu kila jioni, nilikusanya pesa nikanunua betri ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100. Ilikuwa na kasha zuri jeusi na kibandiko cha kung'aa. Mzigo wangu si mkubwa: friji, feni mbili, taa na ruta, wati 160 hivi kwa jumla. Betri ya kiasi hicho hubeba wati-saa 2,560, na ukitoa zinazopotea ndani ya invata, inafaa kunibeba kwa muda wa saa 14. Ikawa inanibeba saa 11 na nusu, kisha giza, friji kimya, watoto wanaamka kwa joto.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila ikizima, kioo cha invata kilikuwa kinasoma karibu volti 25. Betri iliyokwisha kweli haisomi hivyo. Nilirudi dukani, muuzaji akaipima ikiwa imetulia, akaniambia, "Mama, betri yako inasoma ishirini na sita na nusu, ina shida gani?" Akanirudishia. Nimepokea ujumbe wa wasomaji kutoka Likoni, Bamburi na Mtwapa wenye kisa kilekile na jibu lilelile la dukani. Ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia rangi, uzito wala miaka ya dhamana. Nazungumzia kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia: kusawazisha seli.

Ndani ya kasha la volti 24 kuna seli 8 zilizofungwa kwa mfuatano, kila moja volti 3.2. Umeme uleule unapita katika zote, hakuna wa pembeni. Chukulia madumu 8 ya maji ambayo kila unapochota kikombe kimoja lazima uchote kimoja kutoka kwa kila dumu, na ukijaza ni hivyo hivyo. Dumu la kwanza kukauka linasimamisha uchotaji wote, hata kama mengine 7 yamebaki na maji. Dumu la kwanza kufurika linasimamisha kujaza. Anayesimamisha ni kile kibao cha ulinzi kilichoandikwa BMS. Seli moja ikifika volti 3.65 kinakata chaji, na moja ikishuka hadi 2.5 kinakata matumizi. Kinafanya sawa, maana seli ya namna hii ikisukumwa nje ya mipaka hiyo huharibika, tena inaweza kuvimba.

Fundi mmoja wa Changamwe, kijana mtulivu sana, ndiye aliyenifungulia kasha. Alinivulisha pete na bangili kwanza, akaufunga mpini wa spana kwa utepe, kwa sababu seli hizi zikiguswa vibaya na chuma zinatoa umeme wa kuyeyusha spana. Kisha tukapima seli moja moja wakati wa chaji. Saba zilikuwa zimefika juu, mojawapo ikigonga 3.65. Seli ya 6 ilikuwa 3.35 tu. Chaji ikakatika hapo. Wakati wa kutumia, seli hiyohiyo ya 6 ndiyo iliyoanguka hadi 2.5 huku zile 7 zikiwa bado 3.2. Piga hesabu: 7 mara 3.2, ongeza 2.5, unapata 24.9. Ndiyo ile volti 25 iliyokuwa ikinidanganya kwenye kioo.

Seli ya 6 haikuwa mbovu. Ilifungwa pamoja na wenzake ikiwa nyuma kwa karibu ampea-saa 20, kwa sababu aliyekusanya betri hakujisumbua kuzijaza zote hadi kiwango kimoja kabla ya kuzifunga. Kila siku wenzake walijaa ikiwa imefika asilimia 80, na kila usiku ikawa ya kwanza kwisha. Zile ampea-saa 20 za chini ndani ya seli 7 nilizilipia lakini sikuwahi kuzitumia.

Na kipimo cha muuzaji hakingeonyesha kitu. Lithiamu ya fosfati ya chuma, ambayo ndiyo inauzwa kwa ajili ya sola, ina volti ile ile karibu safari nzima: kati ya asilimia 20 na 80 inakaa 3.2 hadi 3.3. Tofauti huonekana kwenye ncha mbili tu, ikikaribia kujaa na ikikaribia kwisha. Anayekupimia betri imekaa rafuni na kukwambia iko sawa hajakupimia chochote.

Sasa, kibao kilichokuwa ndani kilidai kinasawazisha. Kweli kilikuwa kinasawazisha, kwa miliampea 30. Namna yake ni kuzichoma seli zilizojaa kupitia kizuizi kidogo hadi ya nyuma izifikie, na umeme huo unapotea kama joto. Kuondoa ampea-saa 20 kwa miliampea 30 kunahitaji saa 667. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika betri ikiwa juu kabisa tu, na jua la nyumbani kwangu huishikilia juu kwa saa 2 hivi kwa siku, ningesubiri siku 333. Miezi 11! Na hapo ni kama hakuna kitu kingine kinachoivuruga.

Kwa hiyo nawaambia waziwazi ninachokipendelea. Nafasi ya kwanza naipa betri yoyote ya kasha la kufungua kwa spana, yenye kibao cha Jikong, kile mafundi wanakiita JK, cha kusawazisha kwa ampea 2. Hiki hakichomi umeme. Kinachota kutoka seli iliyo juu kabisa na kuumimina kwenye iliyo chini kabisa, kwa zamu, kwa hiyo wastani wake ni kama ampea 1. Nilipofungiwa kibao hiki, kwa seli yangu ya 6 zilihitajika ampea-saa 17 na nusu kuhamia kwake, maana yenyewe inapanda na wenzake wanashuka kidogo. Kwa saa 2 kila siku, ilichukua siku 10. Simu inakuonyesha volti ya kila seli papo hapo, na hilo peke yake lina thamani kuliko kibandiko chochote.

Lakini usikiache kisawazishe muda wote. Nenda kwenye mpangilio wa `Start Balance Volt.(V)` uweke 3.42 au zaidi kidogo. Ukiweka chini ya hapo, kibao kitaanza kuhamisha umeme katikati ya safari, mahali ambapo volti hazisemi ukweli, na kitaivuruga betri iliyokuwa sawa. Kisha mwambie fundi aweke chaji ya invata kwenye 28.4, yaani 3.55 kwa kila seli, na iishikilie hapo ili kibao kipate muda wa kufanya kazi.

Baada ya zile siku 10, betri ilitoa ampea-saa 94, si 100. Tukapima tena. Safari hii seli ya 2 ilikuwa ya kwanza kujaa na pia ya kwanza kwisha. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Seli inayokuwa ya mwisho kujaa na ya kwanza kwisha imeachwa nyuma tu, na kusawazisha kutaiponya. Seli inayokuwa ya kwanza kujaa na ya kwanza kwisha ni dumu dogo. Hakuna kibao kitakacholikuza. Betri nzima itabaki na ujazo wa dumu hilo hadi ulibadilishe. Kabla ya kuilaumu seli, kaza nati za vile vipande vya shaba vinavyoziunganisha. Hewa ya chumvi ya huku kwetu hula viungio, na kiungio kilicholegea hufanya seli nzima ionekane mgonjwa wakati mzigo uko juu. Yangu tulikaza, tukasafisha, ikabaki vilevile. Seli ya 2 ni ndogo.

Nafasi ya pili ni Pylontech, kwa mwenye invata ya volti 48. US3000C ina seli 15 zilizochaguliwa na kufungwa kiwandani, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: seli zikianza sawa, hata usawazishaji mdogo unatosha kuzifuata. Kinachonizuia kuipa ya kwanza ni kwamba ukitaka kuona seli moja moja, lazima uchomeke waya wa kompyuta kwenye tundu la `Console` na uandike amri ya `bat`. Wangapi Mombasa wana waya huo? Na kasha si la kufungua wewe.

Ya tatu ni makasha yaliyozibwa lakini yanaonyesha kila seli kwenye simu, hata kama yanasawazisha kwa miliampea chache. Kubali tu kama muuzaji atakuruhusu uichaji hadi juu mbele yako. Ukiona seli zote zimekaribiana wakati chaji inamalizika, chukua. Moja ikiwa nyuma kama ya kwangu, iache hapo.

Zile za bei nafuu zilizozibwa zisizoonyesha kitu, sina la kusema juu yake. Betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano nazo zina tatizo la ziada: kila moja ina kibao chake kisichojua hali ya mwenzake.

Na wauzaji, jamani. Nimezunguka maduka ya Digo Road na Mwembe Tayari nikiuliza swali moja tu, "Inasawazisha kwa ampea ngapi?" Wengine walinitajia ampea za kutumia, 100 au 200, ambazo ni kitu tofauti kabisa. Mmoja alikasirika. Kinachonitia uchungu ni seli zilizokwishatumika zinazovishwa plastiki mpya ya buluu na kuuzwa kwa bei ya mpya. Fundi wangu alichubua plastiki ya seli ya 2. Chini yake kulikuwa na ya zamani, na alama za nati za awali zilionekana kwenye nguzo zake. Nililipa elfu sabini na mbili kwa kitu hicho. Nilipompelekea muuzaji picha, alisema dhamana imekufa kwa sababu nimefungua kasha. Sasa bila kufungua ningejuaje? Seli ya 2 mpya nimeagiza kupitia fundi, yenye ampea-saa 100 na msimbo wake wa kiwandani haujakwaruzwa. Tutaijaza hadi 3.55 peke yake kabla ya kuifunga na zile saba.