Kubakiza au kuondoa kigawo cha kwadratiki kwenye jedwali la ishara

Chukua (x + 1)(x − 3)(x² + 2x + 5) < 0.

Ukibakiza vigawo vyote vitatu, jedwali linakuwa na safu tatu, na ile ya x² + 2x + 5 ni chanya kila mahali. Jibu ni sahihi, ila safu hiyo haikusaidii chochote, na wengi hupotea hapo wakiitafutia vipeuo ambavyo havipo.

Ukiiondoa, thibitisha kwanza: b² − 4ac = 4 − 20 = −16, kwa hiyo grafu haigusi mhimili wa x. Kwa kweli x² + 2x + 5 = (x + 1)² + 4, haishuki chini ya 4. Gawanya pande zote kwa kigawo hicho, ibaki (x + 1)(x − 3) < 0, yaani −1 < x < 3. Mimi napendelea njia hii.

Ila angalia ishara ya a. Kigawo kingekuwa −x² + x − 4, bado b² − 4ac ni hasi (−15), lakini chenyewe ni hasi daima. Ukikiondoa lazima ugeuze alama: (x + 1)(x − 3) > 0, na jibu ni x < −1 au x > 3. Usipogeuza, jaribu x = 0: zao ni 12, si hasi, na kosa linaonekana mara moja.