Niliuziwa langilangi nikaambiwa ni asumini

Duka lenyewe silitaji, liko hapa hapa Kisumu mjini. Nilienda wiki chache zilizopita nikitafuta mafuta safi ya asumini ya kuchanganya pafyumu, nikapewa kachupa kadogo ka mili 10 kwa elfu moja mia tano. Kwa lebo wameandika asumini halisi, yametolewa kwa mvuke. Hapo ndio ningeshtuka, juu asumini haivumilii mvuke, ua linaharibika na mafuta yanayotoka ni kidogo mno, ndio maana hutolewa kwa kemikali ya kuyeyusha halafu inasafishwa kwa pombe. Kilo moja ya mafuta inakula kama kilo 700 za maua, sasa elfu moja mia tano ni ya nini?

Nikadondosha tone moja kwa karatasi. Mwanzoni tamu, kama ndizi iliyoiva sana, na nyuma yake kitu kama karafuu na mpira mpya, hiyo ni harufu ya ua la langilangi. Shangazi yangu Mombasa alikuwa analala na asumini kwa nywele, najua asubuhi zile, kuna uzito fulani hapo chini, kama kabati lenye dawa ya nondo, karibu unuke vibaya halafu haunuki. Uzito huo unatoka kwa indoli, kemikali iliyo ndani ya asumini yenyewe. Langilangi haina huo. Tena mafuta yenyewe yalikuwa meupe-manjano, mepesi, na asumini ya kweli huwa nzito, rangi ya machungwa iliyokolea. Jioni karatasi ilikuwa imebaki na utamu hafifu tu wa mbao.

Nikarudi. Kijana akaniambia, "Madam, maua yote meupe yananukia sawa, kama hutaki wacha." Mbele ya wateja! Nilitetemeka kwa hasira.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nusu ya aliyosema ni kweli. Maua hayo mawili yana asetati ya benzili kwa wingi, ile harufu ya tunda tamu, kwa hivyo pua inayaona kama ndugu. Ndio maana watengenezaji huyaweka pamoja, hata ile Chanel Na. 5 ya 1921 iko nayo yote mawili. Langilangi inatoka kwa mvuke, kilo kama 50 tu za maua zinatoa kilo ya mafuta, bei yake ni rahisi zaidi, kwa hivyo inarefusha asumini ya bei na kulainisha ile indoli, halafu asumini inaipa kina ambacho yenyewe haina.

Nilijaribu, nikaweka matone matatu ya hayo mafuta yao na tone moja la asumini ya kweli niliyokuwa nimebakisha. Aki yalinukia vizuri, mpaka jirani akauliza nimepaka nini. Kama langilangi ni nzuri, siwezi kuwanyima hiyo. Lakini kurudi pale, hapana, au labda siku watabadilisha hiyo lebo na yule kijana aniombe msamaha.