Swichi ya KVM kutoka Luthuli: nyota mbili, na muuzaji hana hata moja

Naandika hasira ikiwa bado moto, mniwie radhi. Nina kompyuta yangu ya mezani inayotumia Ubuntu, na laptopu ya kazini ya Windows, na meza yangu hapa Kasarani haitoshi kibodi mbili na kikombe cha chai. Nikashauriwa ninunue swichi ya KVM: kibodi moja, kipanya kimoja, skrini moja, na kitufe cha kukuhamisha kutoka kompyuta hii hadi ile. Nikashuka Luthuli Avenue nikachukua ya bei ya kati.

Kufika nyumbani nikachomeka kila kitu. Skrini ikahama. Kipanya kikahama. Kibodi, kimya. Taa zake za rangi zinawaka kama matatu ya Rongai usiku, lakini bonyeza herufi uone kama kuna kitu kitatokea. Mara chache inatema herufi mbili tatu kisha inanyamaza tena. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, ikaandika bila shida. Nikairudisha kwenye swichi, kimya. Sasa hapo mbovu ni nani kama si swichi?

Nikarudi dukani. Kijana aliyekuwa akiniita "mkubwa" wakati wa kupokea M-Pesa safari hii hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Boksi limefunguliwa, boss. Haturudishi." Nikamwuliza ningejuaje haifanyi kazi bila kulifungua. Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Kibodi yako ni ya gemu, hiyo ndiyo shida. Chukua hii ya kawaida," na hapo hapo ameshanitolea nyingine ya kununua. Wateja wanatazama. Nikaondoka kabla sijasema jambo ambalo mama yangu angelisikia huko kijijini.

Kwa hasira hiyo nikaitupa swichi kwenye droo nikaamua kutumia programu. Kuna Input Leap, ambayo ni ya bure na ilitokana na Barrier baada ya ile kuachwa. Unaiweka kwenye kompyuta zote mbili. Iliyochomekwa kibodi inakuwa seva, nyingine inakuwa mteja, na herufi zinasafiri kupitia mtandao wa nyumbani, mlango wa mtandao namba 24800. Ukisukuma kipanya hadi ukingo wa skrini kinavuka kwenda kompyuta ya pili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mtoto. Kitufe cha nini tena?

Furaha ikaisha nilipowasha VPN ya kazini, ile njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi. Kipanya kikakwama mlangoni. VPN nyingi za ofisi zinameza mawasiliano yote ya laptopu na kuipiga marufuku kuongea na kifaa kingine chochote ndani ya nyumba, na hilo ukilalamika kwa watu wa IT utaulizwa kwanza ni nani alikuruhusu kuweka programu ile. Zima VPN, kibodi inarudi. Washa, inapotea. Hivyo ndivyo utakavyojua kwamba tatizo si programu wala waifai.

Nikajiambia basi nitaitumia saa zisizo za VPN. Jioni moja niko kwenye mkutano, naandika kwenye laptopu, stima zikapotea. Laptopu ina betri, mkutano unaendelea kwa bando za simu, lakini kompyuta ya mezani imezimika na ndiyo seva. Kibodi ikafa nayo. Na kabla ya hapo kulikuwa na kero nyingine: waifai ikisitasita huku umeshikilia Ctrl, habari ya kuachilia haifiki upande wa pili, na laptopu inaamini Ctrl bado imebonyezwa. Ukiandika neno lenye "w", ukurasa wa kivinjari unajifunga. Dawa yake ni kubonyeza na kuachilia Ctrl ya laptopu yenyewe, lakini ukurasa uliokuwa unajaza fomu ndani yake umeshaenda.

Nikatoa swichi kwenye droo. Safari hii niliichomeka pole pole, kwenye Ubuntu nikaandika:

```
lsusb
```

Orodha ya vifaa vya USB ikaja, na jina la kibodi yangu halimo. Kuna kibodi nyingine, ya jina nisilolijua. Hiyo ni swichi yenyewe ikijifanya kibodi! Kumbe tundu lenye picha ya kibodi halipitishi kibodi yako. Ndani kuna kijichipu kinachoisoma, halafu kinaziambia kompyuta zote mbili, muda wote, "mimi ni kibodi ya kawaida, nipo." Kuna sababu nzuri: kuhama kunakuwa papo hapo kwa kuwa hakuna kompyuta inayodhani kibodi imechomolewa, na swichi inaweza kusikia ukibonyeza Scroll Lock mara mbili ili uhame bila kugusa kitufe. Lakini kijichipu hicho kinaelewa kibodi sahili tu. Kibodi kama yangu hujitambulisha kama vifaa kadhaa kwa mpigo: kimoja cha herufi, kingine cha kubonyeza vitufe vingi pamoja, kingine cha sauti. Kijichipu kinachanganyikiwa.

Nikaazima kibodi chakavu ya jirani, ile nyeusi ya ofisini. Ikaandika mara moja. Kwa hiyo swichi si mbovu, na yule kijana, Mungu anisamehe, alikuwa na nusu ya ukweli.

Nusu, kwa sababu nyuma ya swichi ile ile kuna tundu la tatu lenye alama ya USB, linalokusudiwa printa au flashi. Hilo linapitisha kifaa kama kilivyo. Nikahamishia kibodi yangu hapo, lsusb ikataja jina lake halisi, herufi zote zikafanya kazi, hata vitufe vya sauti. VPN haiijui wala haijali. Na stima zilipokatika tena, laptopu ikaendelea kuilisha kibodi kupitia waya wake.

Ingemchukua yule kijana pumzi ngapi kuniambia "chomeka hapa nyuma"? Alikuwa na swichi mkononi! Alipendelea kuniuzia kibodi.

Sasa, je, nakuambia uinunue? Jana ningesema ndiyo. Leo asubuhi nimebadilika kidogo, maana tundu la nyuma lina gharama zake. Scroll Lock haifanyi kazi tena, kwa hiyo lazima nifikie kitufe, na kila kuhama ni kama kuchomoa na kuchomeka: sekunde mbili tatu za kungoja Windows iitambue kibodi, na ukianza kuandika mapema herufi za mwanzo za nenosiri zinapotea. Laptopu ikilala nikiwa upande wa Ubuntu, ninaiamsha kwa kitufe chake. Mwenye kibodi ya kawaida hataona hata moja ya haya, atafurahi tangu siku ya kwanza na atashangaa nalia nini.

Haya, kwenye zile nyota mbili za juu naongeza moja, ziwe tatu kwa swichi. Ukienda kununua, beba kibodi yako ichomekwe kwenye matundu yote mbele yako kabla ya kulipa, na wakikataa toka nje, maduka Luthuli hayaishi. Ile kibodi ya kawaida aliyotaka kuniuzia nimeiona River Road kwa bei ya chini zaidi.