Niliulizwa mbele ya watu nina majina mangapi: uzoefu wangu na pochi ya mtandaoni

Hii programu nilikuwa naipenda, nasema kweli. Nauza mashuka ya kudarizi na madera, na wateja wangu wengi ni ndugu na jamaa walioko Omani. Wao wanatuma, mimi napokea kwenye pochi ya simu, natoa, naenda Kariakoo kununua vitambaa. Karibu mwaka mzima sikuwahi kulalamika. Lakini alichonifanyia yule kijana wa dawatini siku ile, sijakisamehe hadi leo.

Mambo yalianza walipotangaza kwamba anayepokea fedha kutoka nje lazima ahakikiwe kwa hati. Mimi nilijisajili zamani kwa jina ambalo wateja wananijua, Mwanaidi Mrisho. Mrisho ni mume wangu. Pasipoti yangu na namba yangu ya NIDA zinasema Mwanaidi Hamisi Chande, maana kwetu mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake. Nikapiga picha pasipoti, nikatuma. Jibu likaja muda huohuo: jina halilingani na hati.

Nikaenda kwenye mipangilio nirekebishe. Pale kuna majina mawili ambayo watu wengi, mimi nikiwamo, tunayachanganya. Kuna jina la mtumiaji, lile linaloanza na alama ya @, ambalo ni kibao cha dukani tu. Hilo unaweza kulibadili kila baada ya siku 30, kama ilivyo TikTok, na halina uhusiano wowote na uhakiki. Halafu kuna jina la kisheria. Hilo unaruhusiwa kulibadili mwenyewe mara moja tu. Na mimi ile mara moja nilishaitumia miezi mingi nyuma, nilipoona jina langu limeandikwa kwa herufi ndogo nikaweka M kubwa mbili. Mfumo ukahesabu kwamba nimebadili jina! Herufi kubwa mbili, basi, mlango ukafungwa. Onyo lenyewe lipo, kwa maandishi ya kijivu chini ya kisanduku, ambayo kwa macho yangu ni kama hayapo.

Fedha za oda ya harusi zikawa ndani, hazitoki. Nikafunga safari hadi ofisini kwao, wiki ile mvua zilikuwa zimeshika na Jangwani hakupitiki. Nimefika nimelowa. Foleni ndefu. Zamu yangu ilipofika, kijana akatazama simu yangu, akatazama pasipoti, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Kwani wewe mama una majina mangapi?" Watu wakageuka. Nikamweleza, mwanangu, Mrisho ni jina la mume wangu. Akasema siku hizi watu wananunua akaunti za wenzao, kwa hiyo niende nikatafute hati ya kubadili jina, ndipo nirudi. Hakuniangalia tena. Akamwita anayefuata.

Naelewa kwamba akaunti zinanunuliwa. Kampuni ina haki ya kuchunguza, na kama angeniuliza kwa adabu ningemjibu yote. Lakini ushauri alionipa ulikuwa na hatari kuliko hata maneno yake, na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Nilikwenda kwa wakili maeneo ya Posta kuomba hiyo hati. Mama wa watu akaniuliza swali moja: "Unataka kuacha kuitwa Chande?" Nikasema hasha. Akanieleza kwamba hati ya kubadili jina ni ya mtu anayeliacha jina moja na kushika jingine kisheria. Ningeisaini kwa ajili ya kuwa Mwanaidi Mrisho, basi pasipoti, NIDA, namba ya mlipakodi na laini yangu ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, vyote hivyo vingebaki na jina nililoliacha. Ningekuwa nimetengeneza kutolingana kwingine kote ili kuziba kamoja. Nilichohitaji ni hati ya kiapo, karatasi ambayo naapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba Mwanaidi Mrisho na Mwanaidi Hamisi Chande ni mtu mmoja. Hiyo haibadili jina. Inaunganisha tu. Nikaambatanisha na nakala ya cheti cha ndoa, kwa sababu ndicho kinachoonyesha huyo Mrisho alitoka wapi.

Niliporudi nilikuwa nimeshaandika kichwani: nyota moja, watu wasijisajili. Dawatini siku hiyo alikuwepo binti mwingine. "Shikamoo mama, karibu ukae." Akasoma kiapo, akaniomba namba ya akaunti, akafungua tena kile kisanduku kilichofungwa. Halafu akanizuia mkono nilipotaka kuandika. Akaifungua pasipoti yangu ukurasa wa picha, akanionyesha mistari miwili ya chini yenye alama kama vichwa vya mishale. Akasema mashine haisomi jina lako hapo juu, inasoma hapa:

```
P<TZACHANDE<<MWANAIDI<HAMISI<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya TZA ambayo ni Tanzania, linakuja jina la ukoo. Alama mbili zinalitenga na majina uliyopewa, na alama moja ni nafasi tu kati ya jina na jina. Kwa hiyo kisanduku cha jina la mwisho ni Chande peke yake, na cha jina la kwanza ni Mwanaidi Hamisi, yote mawili. Mimi ningeandika Mwanaidi kwenye cha kwanza na Hamisi Chande kwenye cha mwisho, ningekataliwa tena, na nafasi ingekuwa imeshapotea. Tukatuma. Kabla sijamaliza kumshukuru, ikakubali.

Basi hapo nikasema nyota nne. Nimefika nyumbani, natoa fedha, zinakataa! Namba ya kutolea niliihifadhi wakati akaunti ni ya Mrisho, na sasa akaunti ni ya Chande. Ilibidi niifute na kuiweka upya, na namba mpya inashikiliwa saa 72 kabla ya kutoa chochote. Binti hakuniambia hilo, wala programu haikusema. Mwenye harusi ananipigia, kitambaa sijanunua. Nililia, sioni aibu kusema.

Kama bado unataka kuitumia, na sikukatazi, toa kwanza fedha zote zilizomo kabla hujagusa jina. Kisha hakikisha namba ya kutolea ina jina lilelile la hati. Mwombe mtu aanze kukutumia fedha kwenye hiyo namba, asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, halafu aghairi. Mimi ndivyo nilivyojua laini yangu inasema Chande. Jina la mtumiaji nimeliacha lilelile la Mrisho, wateja wangu hawajapotea.

Programu yenyewe sasa inafanya kazi vizuri. Binti yule angekuwa meneja ningewapa tano. Lakini kila nikiifungua nasikia ile sauti, una majina mangapi, na watu wakigeuka. Mbili. Nilitaka kuandika tatu, nimeandika mbili.