Kufuta waya wa umeme angani: Clone Stamp na Healing Brush, uzoefu wangu

Mimi napiga picha za harusi na sendofu hapa Mbeya, na karibu kila mteja anataka mlima Loleza uonekane nyuma yake, sasa jaribu kusimama mitaa ya Mwanjelwa umpate Loleza bila waya wa umeme kukatiza, labda upande juu ya paa. Kwa hiyo kufuta waya ndo kazi yangu, na hizi tuls mbili za Photoshop nazitumia sana, watu wengi wanazichukulia kama kitu kimoja maana zote unabonyeza Alt, unachota mahali pasafi, halafu unapaka. Ila zinavyofanya kazi ni tofauti kabisa, na anga ndo inakuumbua.

Clone Stamp inakopi pikseli kama zilivyo, rangi na mwanga vyote inahamisha vilevile. Shida ni kwamba anga letu la kiangazi, hata lile la Julai lisilo na wingu, halina rangi moja, juu ni bluu iliyoiva na ukishuka kuelekea mlimani inafifia hadi inakaribia nyeupe. Ukichota juu ukaja kupaka chini unaacha mstari uliokolea kidogo, waya umeondoka lakini kivuli chake kipo. Hapa kuna ujanja: waya ukiwa umelala mshazari, chota pembeni kwa kimo kilekile, kulia au kushoto, maana anga hubadilika zaidi kwenda juu na chini kuliko kwenda pembeni. Waya uliolala sawa huo ujanja haupo, unabaki kuchota juu yake tu, karibu kabisa.

Healing Brush yenyewe inachukua ule mchanga-mchanga wa picha kutoka ulipochota, halafu rangi na mwanga inavisoma kwenye kingo za pale ulipopaka. Ndo maana katikati ya anga haina mpinzani, unapaka inaonekana kama imekosea, ukiachia mausi inajirekebisha yenyewe. Lakini kwa sababu inasoma kingo, brashi lazima ifunike waya wote pamoja na ule mstari mweupe mwembamba unaouzunguka, ule unaoletwa na kamera ikinoa picha. Ukibakiza hata uzi wa weusi pembeni, yenyewe inadhani weusi ni sehemu ya anga na inausambaza ndani. Mimi naweka brashi kama mara mbili ya unene wa waya.

Sasa balaa lake liko pale waya unapogusa kitu. Kuna picha ya bibi harusi, waya ulikuwa unatoka kwenye nguzo kushoto, unapita juu ya kichwa chake, unaishia nyuma ya mkaratusi. Ukipaka Healing Brush hadi kwenye majani, rangi ya kijani inavuja angani, unapata doa kama la moshi. Kwenye nguzo hivyo hivyo.

Nilichofanya, nafungua leya mpya tupu, kwenye Sample naweka Current & Below ili picha yenyewe isiguswe. Naanza na Clone Stamp kwenye ncha zote mbili, brashi ndogo, Hardness kama 50%, nakata waya pale unapokutana na nguzo na pale unapoingia kwenye majani, nachota anga la jirani kabisa. Laini sana sitaki, maana ukingo laini unachanganya chenga za sehemu mbili na hapo panakuwa laini kama plastiki wakati anga lote lina chenga. Zikishakatwa ncha, waya unabaki unaelea peke yake angani, haugusi kitu, hapo ndo naleta Healing Brush. Waya unaning'inia kwa hiyo mstari mmoja mnyoofu haufai, nabonyeza mara moja, nashika Shift, nabonyeza mbele kidogo, inachora kipande kilichonyooka, naendelea hivyohivyo kufuata ule mkunjo.

Kuhakiki, naweka leya ya Curves juu naikunja iwe na kontrasti kali hadi anga liwe baya, michirizi yote iliyojificha inatokea, narekebisha, halafu hiyo leya naifuta. Na angalia kwa zumu ya 100%, picha ikiwa ndogo kwenye skrini inakudanganya, mteja akiprinti kubwa ya ukutani ndo anakuja kukuuliza huo mstari ni wa nini.

Spot Healing Brush naitumia kwa nyaya nyembamba za mbali tu, maana inachota yenyewe bila kukuuliza na karibu na mlima inaweza kukuletea kipande cha mlima angani.

Wa GIMP mambo ni yaleyale, Clone ni C na Heal ni H, unachota kwa Ctrl badala ya Alt, na kwenye leya tupu usisahau kuweka tiki Sample merged la sivyo utapaka na hakuna kitakachotokea.